Eksi imegusa mstari wa hatua: makosa ya patografu na lini upige simu

Kwenye mapitio ya mafaili ya leba huwa naanza na karatasi ya patografu, chati ya kufuatilia mwendo wa uchungu, kabla sijasoma maelezo yoyote. Mara nyingi tatizo halikuwa uvivu. Mkunga alipima, akaandika, akachora, lakini kwa kuwa eksi ya kwanza, alama ya mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, ilikaa pasipo pake, karatasi ilimwambia uongo usiku kucha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hiyo eksi ya kwanza na mistari miwili ya mshazari.

Ninazungumzia patografu iliyorekebishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2000, ile inayoanza sentimita 4. Mstari wa kwanza ni wa tahadhari. Unapanda kutoka sentimita 4 hadi 10 kwa sentimita moja kila saa. Wa pili ni mstari wa hatua, uko saa 4 kulia kwake. Yote miwili imeshachapishwa kwenye fomu. Nalisema hili kwa sababu wanafunzi huniuliza "mstari wa hatua nauchora saa ngapi?" Hauchorwi. Kazi yako ni kuweka eksi mahali sahihi, kisha kuangalia imekaa upande gani wa mstari.

Dalili ya 1: Eksi ya kwanza haiko juu ya mstari wa tahadhari

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote. Mama amefika akiwa na sentimita 7, mkunga akaenda kwenye safu ya kwanza kabisa kushoto, akapanda hadi 7, akaweka eksi. Anaona ni sawa, kwa sababu mama ndiyo kwanza amefika, basi saa zianze kuhesabiwa sifuri.

Hapana. Eksi ya kwanza inakaa juu ya mstari wa tahadhari, pale mstari unapokutana na sentimita ulizopima. Kama ni 4, inaangukia mwanzo wa mstari. Kama ni 7, unasogea masanduku matatu kulia, kila moja likiwa saa moja, hadi ukutane na mstari, unaweka eksi hapo, kisha unaandika saa halisi chini ya safu hiyohiyo. Safu za kushoto zinabaki tupu, wala hakuna atakayekuuliza.

Tuchukue karatasi moja niliyoisoma, nikiacha kituo bila jina. Mama wa mimba ya kwanza, amefika saa 4 usiku, mlango wa kizazi sentimita 7, kichwa kimebaki tatu kwa tano juu ya nyonga, uchungu mara tatu kwa dakika kumi. Eksi ikawekwa safu ya kwanza. Saa 8 usiku akapimwa njia tena, bado 7. Mkunga akasogea masanduku manne, akaweka eksi ya pili. Ilipokaa, ilikuwa sanduku moja tu kulia kwa mstari wa tahadhari. Pembeni akaandika: "Aendelee kuangaliwa, apimwe saa 12 asubuhi."

Sasa ichore upya. Eksi ya kwanza ikae juu ya mstari kwenye 7, yaani sanduku la tatu. Ongeza saa nne, unafika sanduku la saba. Mstari wa hatua kwenye sentimita 7 unapita wapi? Sanduku la saba. Mama huyu saa 8 usiku alikuwa juu ya mstari wa hatua kabisa, na karatasi ikasema amechelewa saa moja. Saa tatu zilipotea kwa eksi moja. Mtoto alitolewa kwa upasuaji asubuhi, akahitaji kusaidiwa kupumua, akakaa siku tano wodi ya watoto wachanga.

Ukiona eksi ya kwanza haiko juu ya mstari wa tahadhari, angalia haya kwa mpangilio huu:

Kwanza, je, imewekwa safu ya kwanza kwa mazoea? Ndiyo sababu ya kawaida. Usifute. Piga mstari mmoja juu ya eksi, weka sahihi yako na saa, uchore tena mahali sahihi, halafu usogeze na eksi zilizofuata. Kisha itazame karatasi upya kama hujawahi kuiona, kwa sababu huenda uamuzi unabadilika papo hapo.

Pili, je, patografu ilianzishwa mapema mno? Mama wa sentimita 2 au 3 bado yuko hatua ya awali ya uchungu, na hatua hiyo inaweza kuchukua saa nyingi bila ubaya wowote. Ukimchora, atavuka mistari yote miwili kabla uchungu wenyewe haujachanganya, na utampa rufaa au dripu asiyoihitaji. Huyo mwandikie kwenye maelezo ya kawaida hadi afike 4.

Tatu, na hii ni nadra zaidi, kipimo chenyewe kilikosewa. Mtu wa kwanza alisema 6, wa pili baada ya saa nne akasema 5. Mlango wa kizazi haurudi nyuma hivihivi. Ikiwezekana apime mtu mmoja, na mkipishana, mwenye uzoefu zaidi apime na iandikwe hivyo.

Dalili ya 2: Saa hazilingani

Ubaya wa saa kwetu una chanzo ambacho vitabu vya kigeni haviwezi kukitaja. Mama anakuambia "maji yalipasuka saa nane usiku." Mkunga aliyechoka anaandika 08:00. Saa nane usiku ni 02:00. Saa sita zimeyeyuka. Maji yakikaa zaidi ya saa 18 tangu yapasuke, mama anahitaji antibiotiki ya kinga, na hapo hesabu yako itakuambia umpe saa 8 usiku wa kuamkia kesho wakati alistahili kuanza saa 2 usiku wa leo. Kanuni ya leba yangu ni moja: mama anasema kwa Kiswahili, unarudia kwa Kiswahili ("saa nane usiku, kabla jogoo hajawika?"), kisha unaandika kwa saa 24.

Sababu ya pili ni kuchora kwa idadi ya vipimo badala ya muda. Kipimo cha pili kinawekwa safu inayofuata hata kama zimepita saa nne. Mstari unaonekana unapanda kama roketi. Dawa yake ni kuandika saa zote chini ya safu mapema, mara tu baada ya eksi ya kwanza: 22:00, 23:00, 00:00, na kuendelea. Eksi haitakuwa na pa kukosea. Angalia pia kwamba kwenye fomu nyingi sehemu ya mapigo ya moyo ya mtoto imegawanywa kwa nusu saa, kwa hiyo vijisanduku viwili vya juu ni sanduku moja la chini.

Dalili ya 3: Eksi imepita kulia kwa mstari wa tahadhari, bado haijafika wa hatua

Hapa ndipo pengo la saa nne linapopata maana. Philpott na Castle, walioieleza mistari hii mwaka 1972 kutokana na kazi yao Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walikuwa na wakunga kwenye vituo vya pembezoni na hospitali moja kubwa ya kuwapokea kinamama. Mstari wa tahadhari ulikuwa wa kumwambia mkunga wa pembezoni: anza kumsafirisha. Saa nne zile ni za barabara. Anayezitumia kukaa kusubiri kwenye kituo kisicho na chumba cha upasuaji amezila nauli.

Kuvuka tahadhari peke yake hakumaanishi mama apasuliwe, wala awekewe dripu ya oksitosini. Wanawake wengi huenda taratibu kuliko sentimita moja kwa saa na wakajifungua salama. Maana yake ni kwamba lazima utafute sababu sasa, na anza na rahisi.

Kibofu. Muulize mara ya mwisho amekojoa lini. Kibofu kilichojaa huzuia kichwa kushuka, na nimeshaona mama akitoka 6 hadi kujifungua muda mfupi baada ya kukojoa. Mpeleke msalani, akishindwa ndipo kateta. Ukiona mkojo una damu, acha kila kitu kingine: hiyo inaweza kuwa dalili ya uchungu uliokwama.

Nguvu ya uchungu. Usimuulize mama tu. Weka mkono juu ya tumbo dakika kumi kamili, saa ikiwa mbele yako. Mikazo chini ya mitatu, au inayokatika kabla ya sekunde 40, inaeleza kwa nini mlango haufunguki. Huenda hajala wala kunywa tangu jana. Mpe maji au uji, aamke atembee kama hali yake inaruhusu, abadilishe ulalo.

Mkao wa mtoto. Kama uchungu una nguvu na mlango haufunguki, papasa upya. Mtoto anayetazama mbele, kisogo kikiwa mgongoni mwa mama, huchelewesha sana, na mama atakuambia kiuno ndicho kinachomuua.

Nyonga na kichwa kutolingana. Hii ni ya mwisho kwa wingi na ya kwanza kwa hatari. Linganisha duara la kushuka kwa kichwa na alama ya mifupa ya fuvu. Mifupa ikiwa imepandana na haisukumiki kurudi, yaani misalaba mitatu, huku kichwa bado kiko tatu kwa tano juu, kichwa kinabanwa na hakipiti.

Sasa nani anafanya nini? Uko zahanati au kituo kisichopasua: piga simu ya rufaa sasa, isipokuwa mlango umekaribia kufunguka wote na kichwa kinashuka. Kama chupa ya maji haijapasuka na kichwa kimeshuka vizuri kikibana mlango wa kizazi, unaweza kuipasua na kuangalia kwa muda mfupi gari likiwa njiani. Kichwa kikiwa bado kinaelea juu, usiiguse, kitovu kinaweza kutangulia. Oksitosini usiianzishe hapo. Uko hospitali yenye upasuaji: mjulishe daktari kwamba una mama kati ya mistari, na usisubiri saa nne kupima tena. Hesabu eksi yake itagusa mstari wa hatua saa ngapi iwapo hatasogea, umpime kabla au saa hiyohiyo. Aliyeanza na sentimita 5 saa 2 asubuhi na kukutwa 7 saa 6 mchana atagusa mstari wa hatua saa 8 mchana. Kumpangia saa 10 ni kuchelewa saa mbili kwa makusudi.

Dalili ya 4: Eksi imegusa mstari wa hatua, au imeuvuka

Hapa mkunga haamui peke yake. Huu ndio mpaka wenyewe: mama achunguzwe na mtu anayeweza kuamua upasuaji, leo, saa hii. Unapomsubiri, weka kanula na dripu ya maji, toa mkojo, sikiliza mtoto, kisha andika saa uliyopiga simu na jina la aliyepokea.

Simu ndefu yenye wasiwasi haisaidii. Niliyokuwa nawafundisha wakunga wapya ni kama hii, niliyoisikia kwa mwenzangu saa 8 na robo usiku:

"Dokta, samahani kwa usiku huu, ni mkunga wa zamu leba. Nina mama wa miaka 23, mimba ya kwanza. Saa 4 usiku alikuwa 7, sasa saa 8 bado 7, yuko juu ya mstari wa hatua. Uchungu minne kwa kumi, sekunde 45. Kichwa tatu kwa tano hakijashuka, mifupa imepandana misalaba miwili. Maji yana choo cha mtoto, mapigo 156. Kibofu nimetoa, dripu imewekwa. Naomba uje umuone sasa."

"Nakuja. Waamshe watu wa tiata."

Daktari hakuuliza swali hata moja kwa sababu yote yalikuwa kwenye karatasi mbele ya mkunga, na ombi lilikuwa wazi mwishoni. "Nakujulisha tu" si ombi, na mtu aliyeamshwa usingizini atarudi kulala.

Daktari akifika ana njia tatu. Kukiwa na dalili za uchungu uliokwama au mtoto ameelemewa, mama anajifungua kwa njia ya haraka, mara nyingi upasuaji. Kama tatizo ni uchungu dhaifu tu na hakuna kizuizi, oksitosini kwa dripu. Na kama kipimo kipya kinaonyesha mlango sasa unafunguka vizuri, anasaidiwa aendelee. Akiwekewa oksitosini, anapimwa njia baada ya saa 3, kisha baada ya saa 2, kisha saa 2 nyingine. Akisogea chini ya sentimita moja kwa saa katikati ya vipimo hivyo, dripu imeshindwa. Mikazo ikizidi mitano kwa dakika kumi, au mapigo ya mtoto yakiharibika, funga dripu kwanza, simu baadaye.

Onyo kwa mama aliyewahi kuzaa: mlango wake ukisimama huku uchungu una nguvu, usifikirie "uchungu mdogo". Fikiria kizuizi. Oksitosini kwa mama huyo bila daktari kumchunguza inaweza kupasua mfuko wa uzazi.

Dalili ya 5: Mapigo ya mtoto ni 140, 140, 140, 140

Hakuna mtoto anayepiga namba moja kwa saa sita. Mara nyingi mkunga ana wamama watano na ameandika kwa pamoja mwisho wa zamu. Wakati mwingine amehesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Na mara chache amesikiliza mshipa wa mama mwenyewe. Shika kiganja chake unaposikiliza, midundo ikienda pamoja, umepotea.

Sikiliza dakika nzima, ukianza mkazo unapoisha, kila nusu saa. Chini ya 110 au juu ya 160, mlaze mama ubavu wa kushoto, funga oksitosini kama ipo, angalia homa na mapigo ya mama. Yakibaki mabaya kwa mikazo mitatu mfululizo, mpime njia kutafuta kitovu kilichotangulia, na uite daktari au gari. Usiangalie eksi iko wapi. Mapigo mabaya, maji mazito yenye choo cha mtoto, damu nyingi, presha ya juu au degedege havisubiri mstari wowote, hata kama mlango unafunguka vizuri kushoto kwa tahadhari.

Dalili ya 6: Karatasi ni safi mno

Kalamu moja, mwandiko mmoja, eksi zote ziko juu ya mstari wa tahadhari kama zimepangwa kwa rula. Imejazwa baada ya kujifungua. Hili halina marekebisho ya kuchora. Kama ulikuwa na mikono miwili na wamama wanne, andika ulichopima kwa saa uliyopima, na pale palipo wazi paache wazi. Nafasi tupu inamwonyesha anayekupokea zamu kwamba mama hakusikilizwa tangu saa 3. Nafasi iliyojazwa kwa kubuni inamwambia asiwe na haraka.

Kama kituo chenu kimehamia mwongozo wa uangalizi wa uchungu wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, usitafute mistari hii: haipo. Unaanza sentimita 5, na kila sentimita ina kikomo chake. Saa 6 kwenye 5, saa 5 kwenye 6, saa 3 kwenye 7, saa 2 na nusu kwenye 8, saa 2 kwenye 9. Ukifika kikomo, ndipo unapopiga simu ileile. Mnapohama, toeni fomu za zamani kwenye droo. Nimeona mama mmoja akiwa na karatasi mbili, kila moja ikisema lake.

Mama wa rufaa anaondoka na patografu yake halisi, si nakala ya maneno. Nyuma yake andika saa gari lilipoondoka na mapigo ya mwisho ya mtoto, na mkunga anayesindikiza aishike mkononi, isibanwe chini ya godoro la machela.